Mtoto Aliyelijua Somo Kabla Hujalifundisha: Maswali ya Walimu Kuhusu Andalio la Wenye Vipawa

Ukurasa huu ni wa walimu wa Gredi ya 4 hadi ya 6 wanaofundisha madarasa ya kawaida huku Kisumu na magharibi, ambako mtoto mwenye kipawa hukaa dawati moja na mwenzake ambaye bado anahesabu kwa vidole. Sikutaka kugusa kila somo juujuu. Nimechukua mada moja ya Hisabati ya Gredi ya 5, mzingo na eneo la mstatili, na kuifuata kuanzia jaribio la kabla ya somo hadi mradi wa wiki nne. Ukifundisha Sayansi au Kiswahili utaona mwenyewe ni wapi pa kubadilisha.

Mwanafunzi anayemaliza wa kwanza ndiye mwenye kipawa?

Mara nyingine ndiye, lakini usianzie hapo. Anayemaliza haraka huenda amezoea tu aina ile ya maswali, pengine kwa sababu ana kitabu cha mazoezi nyumbani au analipiwa masomo ya jioni. Mpe swali la sura ngeni na kasi yake inaisha palepale.

Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani aliyeandika sana kuhusu jambo hili, alieleza mwaka 1978 kwamba kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kule kushikilia kazi bila kuiachia. Hilo la tatu ndilo walimu tunalolisahau. Darasani linaonekana hivi: kengele imelia, wenzake wamekwenda kucheza, naye amebaki anachora mistatili nyuma ya daftari kwa sababu kuna jambo halijamkalia sawa.

Tazama pia anayeruka hatua kisha akashindwa kueleza alivyofika, anayekosa maswali rahisi lakini akapata lile gumu la mwisho, na anayeuliza "na kama si mstatili je?" wakati wewe unataka kusonga mbele. Daftari lake laweza kuwa chafu. Na kumbuka lugha. Hisabati ya Gredi ya 5 tunaifundisha kwa Kiingereza, na mtoto anayezungumza Dholuo au Kiluhya nyumbani anaweza kukosa swali kwa sababu ya maneno yake, si kwa sababu ya hesabu iliyomo. Kabla hujaamua juu ya mtoto wa namna hiyo, msomee swali na umwache aeleze kwa lugha inayomtoka vizuri.

Nitajuaje kwamba mada anaijua kabla sijaifundisha?

Siku moja kabla ya kuanza mada, andika ubaoni maswali matano yaliyo magumu zaidi katika zoezi la mwisho wa mada. Yawe yale ambayo mtu hawezi kuyafanya bila kuelewa, si yale ya kuzidisha urefu kwa upana. Kwa mada yetu, mawili kati ya matano yanaweza kuwa haya:

Mstatili una eneo la sentimita mraba 48 na upana wa sentimita 4. Mzingo wake ni sentimita ngapi?

Mzingo wa mraba ni mita 36. Eneo lake ni mita mraba ngapi?

La kwanza linamlazimu arudi nyuma kutafuta urefu, ambao ni 12, ndipo apate mzingo wa 32. La pili linataka ajue kwamba upande ni 9, ndipo apate 81. Aliyekariri kanuni tu atakwama, maana kanuni inakwenda upande mmoja naye anatakiwa aende upande wa pili.

Waambie wote kwamba anayetaka kujaribu ajaribu, kwa dakika kumi, bila alama kuingia popote. Usiteue majina. Anayepata manne au matano ameonyesha kwamba mazoezi ya kawaida ya mada hii hayatamwongezea kitu, kwa hiyo utamwondolea na kumpa kazi nyingine mahali pake. Aliyepata matatu anabaki na darasa, lakini mweke machoni.

Usishangae mtu wako wa kwanza darasani akipata mawili, na yule mtundu wa dawati la nyuma akapata matano. Jaribio hili lina faida hiyo: linakuonyesha wale ambao nafasi za mtihani zimewaficha. Linahusu mada hii tu, lakini. Aliyepita katika eneo anaweza kushindwa katika sehemu, na mada inayofuata unaanza upya na kila mtu.

Andalio lenyewe linakaaje katika dakika 35?

Hili hapa, kama linavyotumika katika darasa la wanafunzi hamsini na kitu wenye chaki, uzi na karatasi za miraba zilizopigwa mistari kwa mkono.

Dakika 5 za kwanza ni za wote. Swali dadisi linaandikwa ubaoni: "Una seng'enge ya mita 24. Unataka kuzungushia kuku uga wa mstatili. Uga wako utakuwa na vipimo gani?" Kila mwanafunzi anachora uga mmoja tu. Hakuna aliye nje ya swali hili, kwa sababu hata anayesitasita atapata 10 kwa 2 au 8 kwa 4, na anayewaza mbali tayari ameanza kujiuliza ziko ngapi.

Dakika 5 zinazofuata unakusanya majibu ubaoni na kuchagua mawili, tuseme 10 kwa 2 na 6 kwa 6. Seng'enge ni ileile, mita 24. Hesabu eneo pamoja nao: la kwanza mita mraba 20, la pili 36. Watoto wengi hushtuka hapa, kwa sababu walidhani uzio ukiwa sawa nafasi nayo ni sawa. Mshtuko huo ndio somo, kwa hiyo usiukimbie.

Kutoka dakika ya 10 hadi ya 25 darasa linagawanyika kwa kazi. Wale wanaochanganya mzingo na eneo wanakaa nawe mbele, kila wawili na uzi wa sentimita 24 uliofungwa ncha, wanautandaza juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu miraba iliyomo. Kundi kubwa linajaza jedwali la mistatili yote yenye pande za namba kamili: 11 kwa 1 inatoa 11, 10 kwa 2 inatoa 20, 9 kwa 3 inatoa 27, 8 kwa 4 inatoa 32, 7 kwa 5 inatoa 35, na 6 kwa 6 inatoa 36. Wale waliopita jaribio la jana wanachukua kadi niliyoiita kadi ya ukuta, ambayo nitaieleza hapa chini.

Dakika ya 25 hadi 32 mnarudi pamoja. Kundi kubwa linaeleza jedwali lake na kusema ni uga upi mkubwa kuliko zote. Kisha mmoja wa waliofanya kadi anasimama kuuliza swali, bila kutoa jibu: "Ukiwa na ukuta upande mmoja, je, mraba bado unashinda?" Wengine wabashiri kwa kuinua mikono na uwaache hivyo. Dakika 3 za mwisho kila mtu anaandika kwenye kipande cha karatasi jambo moja alilogundua au swali moja lililombakia, anakupa anapotoka.

Sasa onyo. Dakika zile kumi na tano za katikati zina kishawishi chake: kuketi na wale wa kadi, kwa sababu mazungumzo yao ni matamu. Wapitie mara moja tu, karibu na dakika ya 18, kwa dakika mbili. Wanaokuhitaji wana uzi mkononi.

Kadi ya ukuta ina nini?

Ina swali moja tu, limeandikwa kwenye kipande cha katoni:

"Seng'enge ni mita 24 zilezile, lakini sasa uga unaegemea ukuta wa darasa, kwa hiyo upande mmoja hauhitaji seng'enge. Tafuta uga mkubwa kuliko zote. Kisha nishawishi kwamba hakuna mkubwa zaidi."

Mwanafunzi aliyekwisha kugundua kwamba mraba unashinda ataukimbilia mraba: pande tatu, 8 kila moja, eneo 64. Ataleta jibu kwa furaha. Ukimwambia "ni vibaya" umeua kazi. Mwulize tu, "Umejaribu upana mwingine?" Akirudi kwenye jedwali anaona haya: upana 3 na urefu 18 ni 54, upana 4 na urefu 16 ni 64, upana 5 na urefu 14 ni 70, upana 6 na urefu 12 ni 72, upana 7 na urefu 10 ni 70, na upana 8 na urefu 8 ni 64. Mraba umeshindwa, na umeshindwa na mstatili ambao urefu wake ni mara mbili ya upana.

Wengi wangeishia hapo, na kwa Gredi ya 5 inatosha. Lakini sehemu ya pili ya kadi, ile ya kushawishi, ndiyo inayowatenganisha. Mmoja atasema eneo linapanda hadi 72 kisha linashuka, basi kilele ni hapo. Si vibaya, ila mwulize kama amejaribu upana wa 6 na nusu. Urefu unakuwa 11 na eneo 71.5, kwa hiyo dai lake bado limesimama, naye ameingia katika desimali bila kusukumwa.

Njia iliyo nzuri zaidi, na nimeona watoto wakiifikia kwa kuchora, ni kuuchora uga huo tena upande wa pili wa ukuta, kama umeakisiwa. Sasa una mstatili mzima wenye seng'enge ya mita 48 kuuzunguka, bila ukuta. Mstatili mzima mkubwa kuliko yote tayari anaujua: ni mraba, 12 kwa 12, eneo 144. Nusu yake ni 6 kwa 12, eneo 72. Mtoto anayefika hapa ametumia alichokijua kuthibitisha asichokijua, na hakuna zoezi la ziada la maswali ishirini litakalompa hilo.

Kwa nini nisimpe tu maswali mengi zaidi ya kitabuni?

Kwa sababu atajifunza kwamba kumaliza haraka kunaadhibiwa, ataanza kufanya polepole, na hutagundua. Kazi ya upanuzi inachukua nafasi ya kazi ya kawaida. Haibebeshwi juu yake. Kama darasa linafanya swali la 1 hadi la 10, wa kadi hafanyi hata moja.

Swali wazi nitalitungaje bila kukesha?

Chukua swali la kitabuni uligeuze. "Mstatili una urefu wa 8 na upana wa 4, tafuta eneo" lina jibu moja na njia moja. Ligeuze liwe "Eneo ni 32, chora mistatili yote inayowezekana yenye pande za namba kamili." Au ondoa namba moja: "Mstatili una upana wa 4, na eneo lake ni kubwa kuliko mzingo wake. Urefu wake waweza kuwa ngapi?" Hili la mwisho linaonekana dogo lakini lina mengi ndani. Urefu ukiwa 4 eneo na mzingo ni 16 kwa 16, sawasawa. Kuanzia hapo kwenda juu eneo linapita. Chini ya hapo mzingo unapita.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama swali lako liko wazi kweli: linaweza kujibiwa vizuri na wanafunzi wawili kwa njia mbili tofauti, na wote wawili wakawa na jambo la kueleza? "Nini maoni yako kuhusu eneo?" halina mlango wowote wa kuingilia. Swali wazi la Hisabati lina mipaka mikali, na uhuru uko ndani ya mipaka hiyo.

Ukiliuliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi huko Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida hungoja sekunde moja hivi kabla ya kusema tena, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi wanazungumza. Sekunde tatu ni ndefu ukiwa umesimama mbele ya macho hamsini. Zihesabu kimoyomoyo.

Katika karatasi ya andalio niiandike wapi? Mwalimu mkuu anataka mpangilio ule wa kawaida.

Wengi huiweka kwenye sehemu ya shughuli za ziada, chini kabisa baada ya hitimisho. Nadhani hapo ndipo inapofia. Kilichoandikwa chini ya hitimisho hufanywa baada ya somo, yaani nyumbani au hakifanywi kamwe. Iweke katika hatua ya pili ya uendelezaji wa somo, kando ya kazi ya kundi kubwa, uandike mistari mitatu: kundi la uzi, kundi la jedwali, kundi la kadi. Sehemu ya nyenzo itaje uzi, karatasi za miraba na kadi. Katika tafakuri andika jambo lililotokea kweli, kwa mfano "wawili walidai mraba unashinda hata penye ukuta, mmoja alifika 72 kwa jedwali, hajathibitisha." Ukisoma maneno hayo wiki ijayo utajua pa kuanzia. "Somo lilifaulu" halikuambii kitu.

Wengine hawatalalamika kwamba kadi ni ya wateule?

Watalalamika ukiifanya siri. Itundike ukutani kwa kamba, na mtu yeyote aliyemaliza jedwali anaruhusiwa kuichukua. Kila mara kuna mmoja ambaye hakupita jaribio lakini anaishika na haiachi. Huyo umempata kwa njia nyingine.

Niwatumie kuwafundisha wenzao waliobaki nyuma?

Mara mojamoja, wakitaka wenyewe. Ikiwa ndiyo kazi yao ya kila siku, basi umepata msaidizi wa bure na mtoto huyo hajajifunza Hisabati yoyote mwaka mzima. Zaidi ya hayo, anayeruka hatua kichwani si mwalimu mzuri wa anayezihitaji hatua hizo.

Mwanafunzi wangu bora amekataa kadi. Ameandika jibu moja, amelifuta, kisha akalia.

Hili linatokea kuliko watu wanavyodhani. Mtoto ambaye kwa miaka mitano hajawahi kupata X nyekundu hajui kukwama ni kitu gani, na siku ya kwanza anapokwama anadhani akili imemtoka. Usimrudishie kazi rahisi ili atulie, na usimwonyeshe jibu.

Mpe msaada kwa vipande. Kwanza, "Chora uga mmoja wowote wenye ukuta, hata kama ni mbaya." Akichora, "Seng'enge imetosha? Imebaki?" Kisha, "Sasa punguza upana kwa mita moja, nini kinatokea kwa urefu?" Hapo atagundua kwamba urefu unaongezeka kwa mbili, na jedwali litajijenga lenyewe. Katika kadi za aina hii mimi humtaka mwanafunzi aache alichofuta kionekane kwa mstari mmoja tu juu yake, na ninaposahihisha natazama hapo kwanza. Ukurasa usio na mstari hata mmoja uliokatwa ni dalili kwamba kadi ilikuwa rahisi mno kwake au amenakili kwa jirani.

Mradi huru unaanzaje?

Unaanza na swali la mwanafunzi mwenyewe ambalo linaweza kupimwa. "Ziwa Victoria" ni mada, si swali. Akikuletea hiyo, mwulize ni jambo gani la ziwa linalomsumbua, na ni nini atakachokipima kwa mikono yake bila kwenda majini.

Mkishapata swali, mnaandika makubaliano ya ukurasa mmoja: swali langu ni lipi, nitapima nini na kwa kifaa gani, nitafanya lini, nani atasikiliza matokeo, na tarehe tatu za kukutana na mwalimu kwa dakika tano. Wiki nne zinatosha. Zaidi ya hapo moto unazimika. Muda unatoka katika vipindi ambavyo jaribio limemwachia. Ukimwambia afanye wikendi, umempa kazi ya nyumbani yenye jina zuri.

Sharti moja silegezi: mradi usigharimu hata shilingi. Wazazi wamechoka kutumwa kununua gundi na manila, na mradi ulionunuliwa hukuonyesha mfuko wa mzazi.

Tupe mfano wa mradi mmoja hadi mwisho.

Msichana mmoja wa Gredi ya 5, akiwa amemaliza mambo ya eneo, aliuliza: paa la jikoni la shule linaweza kutupa maji kiasi gani mvua ikinyesha? Ni swali zuri kwa sababu linasimama juu ya ukweli mmoja ambao mtoto anaweza kuukagua: mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Alithibitisha kwa hesabu kabla ya kuendelea. Mita mraba moja ni sentimita mraba 10,000, milimita moja ni sehemu ya kumi ya sentimita, kwa hiyo ni sentimita za ujazo 1,000, nayo ndiyo lita.

Vifaa vyake vilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lenye kuta zilizonyooka, rula, uzi wa kupimia, na mitungi ya lita 20 ya jikoni. Kopo liliwekwa uwanjani mbali na miti na kuta, likazungushiwa mawe lisianguke, na lilisomwa kila asubuhi kabla ya kengele kisha likamwagwa. Ilikuwa Mei, muhula wa pili, mvua za masika bado zipo.

Swali gumu la kwanza lilikuwa paa. Alitaka kupima mabati yenyewe, yaliyoinama. Sikumwambia kitu ila kumwuliza: mvua inayoanguka wima inajua kwamba bati limeinama? Alikwenda kufikiri siku mbili, akarudi na mchoro. Kinachohesabika ni eneo la ardhi ambalo paa limelifunika, si urefu wa bati. Alipima chini, kutoka ukingo hadi ukingo: mita 5 kwa 4, yaani mita mraba 20.

Asubuhi moja kopo lilisoma milimita 9. Kwa hesabu yake pipa lililo chini ya mfereji wa paa lilipaswa kupokea lita 180. Walipoyachota maji kwa mitungi ilijaa minne na ya tano ikapata kidogo tu, yaani lita 80 na ushei. Hapa ndipo mradi ulipokuwa mradi. Angeweza kuandika 180 na kuhesabu kazi imekwisha, lakini alirudi kulitazama jikoni na kuona kwamba mfereji uko upande mmoja tu. Nusu ya paa inamwaga nyuma, ardhini. Nusu ni mita mraba 10, basi lita 90. Pengo lililobaki, la lita zisizofika kumi, aliligawa katika sababu tatu bila kudai anajua kila moja ni ngapi: bati huloa kwanza kabla maji hayajatiririka, mengine huruka nje ya mfereji, na kiungo kimoja cha mfereji kilikuwa kinavuja.

Matokeo aliyasomea mwalimu mkuu na mpishi. Pendekezo lake lilikuwa sentensi moja: mfereji wa upande wa pili ungeongeza maji maradufu kutoka paa lilelile.

Nitajuaje kwamba mradi ni wa mtoto na si wa mjomba wake wa Nairobi?

Katika zile dakika tano za kukutana, mwulize jambo lililoharibika wiki hiyo. Aliyefanya mwenyewe atakueleza kopo lililopinduliwa na mbuzi, au siku aliyosahau kusoma. Aliyefanyiwa atakuletea karatasi safi yenye rangi. Mwulize pia ni namba gani haiamini sana. Daftari la vipimo, lenye tarehe na mwandiko unaobadilika, lina thamani kuliko bango.

Namna ya kukadiria? Wote hawa si watapata kuzidi matarajio?

Hapana. Kupewa kadi si alama. Kwa kadi ya ukuta, aliyejaribu uga mmoja au miwili na kuchagua ulio mkubwa anakaribia matarajio. Aliyejaza jedwali kwa mpangilio na kupata 72 amefikia. Anayezidi ni yule aliyetoa sababu kwamba hakuna uga mkubwa zaidi, hata kama maneno yake yamepinda. Waonyeshe ngazi hizo kabla hawajaanza. Na mtoto wa kundi la jedwali aliyeeleza kwa nini 6 kwa 6 inashinda naye anaweza kuzidi matarajio katika kazi yake.

Sheria inasema lolote kuhusu watoto hawa?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 44, inawataja wanafunzi wenye vipawa na vipaji maalumu miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalumu. Mzazi anayetaka mtoto wake arushwe gredi mpeleke kwanza kwa mwalimu mkuu.

Je, mwanafunzi akiniuliza nisilolijua?

Mwambie hulijui, andika swali ubaoni pembeni na jina lake, na mpeane siku ya kulirudia. Kabla ya kutoa kadi yoyote, hata hivyo, ifanye mwenyewe kwa kalamu. Kadi ya ukuta inachukua dakika kumi, na bila hizo huwezi kujua kwamba 64 ni mtego.

Una kadi nyingine za mada hii?

Mbili. Ya kwanza ni hii: "Tafuta mistatili yote yenye pande za namba kamili ambayo namba ya eneo ni sawa na namba ya mzingo." Ni miwili tu: 4 kwa 4, wenye 16, na 6 kwa 3, wenye 18. Kuipata si kazi. Kazi ni kueleza kwa nini hakuna wa tatu, na anayetaka kuanza aangalie upana wa 1, kisha wa 2, aone ni kwa nini hauwezekani hata urefu uwe mrefu namna gani.

Ya pili inatumia uzi uleule wa sentimita 24. "Uga si lazima uwe mstatili. Tandaza uzi upate umbo lenye miraba mingi zaidi ndani." Watajaribu pembetatu, watajaribu nyota, na wakifika kwenye duara watahesabu miraba karibu 45 au 46, zaidi ya ile 36 ya mraba. Miraba iliyokatwa na uzi huzua ubishi, kwa hiyo wakubaliane kabla: iliyo ndani nusu au zaidi inahesabiwa, iliyo chini ya nusu inaachwa.